Mtoto Ameanza Kutembea: Avae Kiatu Gani, na Lini?

Mtoto wa mwaka mmoja akivishwa kiatu kifupi, mara nyingi halii. Anakunja vidole, anatulia, na baada ya muda anaendelea kucheza. Mifupa ya mguu wake kwa sehemu kubwa bado ni gegedu, ile sehemu laini inayopindika unayoigusa kwenye sikio, na imezungukwa na mafuta mengi, kwa hiyo mguu unafuata umbo la chochote unachoingizwa. Muuzaji anabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, anakuta pana nafasi, anasema kimemkaa vizuri. Nafasi aliyoigusa ni ile mtoto aliyoiacha alipokunja vidole.

Kwa umri huu, basi, kilio cha mtoto si kipimo, na kidole gumba cha muuzaji si kipimo. Kipo kipimo cha uhakika, na vifaa vyake ni karatasi, kalamu, rula na kipande cha boksi. Nitakieleza hatua kwa hatua. Lakini kabla ya kufika dukani kuna swali linalotangulia: mtoto huyu anahitaji kiatu tayari?

Wazazi wengi hununua kiatu mtoto anaposimama dede, wakiamini kwamba kiatu kitamshika asianguke na kitamfundisha kutembea. Watoto huanza kutembea wenyewe kwa nyakati tofauti sana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi kadhaa na mwaka 2006 likatoa matokeo yanayoonyesha kwamba watoto wazima wa afya hutembea bila kushikwa kuanzia kama miezi 8 hadi kukaribia miezi 18. Kiatu hakibadili ratiba hiyo. Anayesimama dede na kushika makochi anajifunza kupitia unyayo wake: vidole vinatanuka na kubana sakafu, kisigino kinapima uzito, na ngozi ya chini inapeleka habari kichwani kwamba hapa pana utelezi, hapa pana mchanga, hapa sakafu imeinama. Ukiweka soli nene katikati, habari hizo zinamfikia zimefifia. Mtoto huyo huyo aliyekuwa anapiga hatua tano peku, akivishwa buti gumu, utamwona anainua magoti juu kupita kiasi na kutua kwa unyayo mzima kwa kishindo.

Nyumbani, kwa hiyo, mtoto anayeanza kutembea akae peku. Iwe ni sakafu ya saruji, vigae, mkeka au zulia, miguu mitupu ndiyo salama zaidi. Soksi peke yake kwenye vigae ni mtego, kwa sababu kitambaa kinateleza na mtoto bado hajui kujizuia. Bibi wengi watapinga hapa, na wanapinga kwa upendo: sakafu ya baridi itampa mtoto kifua. Mafua na vichomi huletwa na vijidudu, ambavyo mtoto huvipata kwa watu walio karibu naye. Ubaridi wa sakafu hauvizalishi. Kwa familia za Njombe, Limuru au Kabale, ambako asubuhi ya Juni au Julai inauma kweli, miguu ya mtoto inaweza kupashwa joto kwa soksi zenye vitone vya mpira chini, au kwa kiatu cha ngozi laini kisicho na soli ngumu, kile unachoweza kukikunja kwenye ngumi. Hata soksi nazo zipimwe. Soksi iliyorudi fupi baada ya kufuliwa mara nyingi inavuta vidole nyuma sawasawa na kiatu kifupi.

Nje ya nyumba, peku bado ni nzuri pale panapofaa. Ua uliofagiliwa, nyasi fupi, mchanga safi: ardhi za aina mbalimbali zinaulazimisha mguu ufanye kazi mbalimbali, na misuli midogo ya unyayo inakua kwa kazi. Madaktari wawili wa Manipal, kusini mwa India, Udaya Rao na Benjamin Joseph, walichapisha mwaka 1992 uchunguzi wa alama za nyayo za watoto 2,300 wenye umri wa miaka 4 hadi 13. Nyayo bapa zilionekana kwa watoto 8.6 kati ya kila 100 waliokuwa wakivaa viatu, na kwa 2.8 tu kati ya kila 100 waliokuwa wakitembea peku. Tena waliovaa viatu vya kufunika vidole ndio waliokuwa na nyayo bapa nyingi zaidi, na wale wa ndala na kandambili walikuwa katikati. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba kiatu ndicho kilichosababisha, lakini unatosha kumwondolea wasiwasi mama anayeambiwa kwamba mtoto asipovaa viatu mapema miguu yake itaharibika.

Sasa upande wa pili, ambao wanaosifia peku kutoka nchi nyingine mara nyingi hawauoni. Kwetu ardhi ina mambo yake. Minyoo ya safura haihitaji kumezwa. Viluwiluwi vyake hutoka kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya udongo wenye unyevu, na hupenya ngozi ya mguu. Funza naye hupenda vumbi kavu, hasa kwenye nyumba za sakafu ya udongo na mahali wanapolala nguruwe, mbwa au mbuzi. Jike huingia kwenye ngozi laini kando ya kucha na kati ya vidole, na mtoto ambaye hajaweza kusema "hapa panawasha" anaweza kukaa naye siku kadhaa. Hata ufukweni, mchanga wa juu ambako mbwa na paka hujisaidia una minyoo yao. Kwa binadamu hiyo haikomai, bali hutambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha sana. Mchanga uliooshwa na maji kupwa ni salama zaidi kuliko ule mkavu wa juu. Ongeza misumari, vioo, miiba, na lami ya saa nane mchana. Weka kiganja chako chini na uhesabu hadi tano. Kama huwezi kukiacha hapo, unyayo wa mtoto hauwezi.

Kiatu cha kwanza, basi, kina kazi moja, nayo ni kukinga ngozi dhidi ya vitu hivyo. Wakati wake ni pale mtoto ameshatembea mwenyewe kwa wiki kadhaa na ameanza kutoka kwenda sokoni, stendi, kanisani au msikitini, mahali ambapo huwezi kuchagua ardhi atakayoikanyaga. Ukilielewa hilo, huhitaji tena buti refu la kushika kifundo cha mguu. Kifundo cha mtoto mzima wa afya hakihitaji kushikwa.

Tuje kwenye kupima. Nitachukua mfano wa mtoto wa jirani yangu hapa Dar es Salaam, msichana wa miezi 14 aliyekuwa ametembea kwa mwezi mmoja hivi. Mama yake alikuwa ametoka dukani bila kununua, kwa sababu muuzaji alimwambia, "Mama, chukua hii namba 23, atavikulia," na moyo wake ukasita. Tulimpima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na kiatu kinachotosha asubuhi kinaweza kubana saa kumi.

Tuliweka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, tukamsimamisha mtoto juu yake, kisigino kikiugusa ukuta. Kusimama ni lazima. Uzito wa mwili huutandaza mguu, na mguu wa mtoto aliyekaa au aliyebebwa hutoka mfupi kuliko ulivyo. Mama alimshika mikono na kumwonyesha kijiko ili atazame mbele, mimi nikanyoosha vidole vyake taratibu na kuchora kando ya mguu, kalamu ikiwa wima kabisa. Kalamu ikilala kuelekea ndani, inapunguza milimita kadhaa, na kwa mguu mdogo hivi milimita kadhaa ni nyingi. Tulipima miguu yote miwili, maana karibu kila mtu ana mmoja mrefu zaidi. Wa kushoto ulikuwa sentimita 11.8, wa kulia 12.1. Kiatu hununuliwa kwa kufuata mrefu.

Juu ya urefu huo huongezwa nafasi ya sentimita 1.2. Sehemu yake ni ya sasa, kwa kuwa mguu unateleza mbele kidogo na kurefuka katika kila hatua, na sehemu ni ya kukua. Hesabu ikawa 12.1 na 1.2, yaani sentimita 13.3. Huo ndio urefu wa ndani wa kiatu tulichokitafuta. Namba za Ulaya, ambazo ndizo zilizoandikwa kwenye viatu vingi vya watoto madukani kwetu, zinahesabu urefu wa ndani kwa kipimo cha theluthi mbili za sentimita kwa kila namba. Kwa hiyo ukizidisha sentimita za ndani kwa moja na nusu unapata namba: 13.3 mara 1.5 ni karibu 20. Namba 23 aliyopewa ni ya urefu wa ndani wa sentimita 15.3. Mguu wake ungekuwa na sentimita tatu na zaidi zilizobaki wazi mbele.

Lakini namba ya 20 nayo ni mahali pa kuanzia tu. Viwanda havifanani, na viatu viwili vyenye namba moja vinaweza kupishana ndani kwa nusu sentimita au zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watoto wa chekechea zaidi ya 800 nchini Austria, nchi yenye maduka ya viatu vya watoto yenye wahudumu wa kupima, ulikuta walio wengi wamevaa viatu vifupi kuliko miguu yao inavyohitaji, na kadiri kiatu kilivyopungua urefu ndivyo kidole gumba kilivyoelekea zaidi kuegemea wenzake. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Waliamini namba.

Ndipo boksi linapoingia. Kata ukanda wa boksi gumu wenye upana wa vidole viwili na urefu ule ule uliouhesabu. Wetu ulikuwa sentimita 13.3. Uchukue sokoni. Ingiza ukanda kwenye kiatu mpaka uguse kisigino kwa ndani. Ukiingia wote na kulala bila kukunjika, na mbele ukabaki upenyo usiozidi milimita tatu au nne, urefu umetosha. Ukipinda, kiatu ni kifupi, hata kama kimeandikwa namba 21. Ukicheza huku na huku, ni kirefu mno. Kwa upana, kata pia ule mchoro wa mguu mzima na uuingize. Kingo zikijikunja juu pembeni, hasa upande wa kidole kidogo, kiatu ni chembamba. Tazama pia umbo la mbele. Kingo ya ndani, upande wa kidole gumba, iende moja kwa moja hadi mwisho, isikatwe kuelekea katikati kama viatu vya watu wazima vya ncha.

Mama yule alikwenda na ukanda wake kwenye mitumba na kwenye maduka. Namba 20 ya kwanza aliyoijaribu ilikunja boksi. Namba 21 ya kiwanda kingine ililingana nalo sawasawa, na hiyo ndiyo aliyoinunua.

Wengi wetu tumelelewa na desturi ya kununua kiatu kikubwa ili mtoto avikulie, na sababu yake inaeleweka: pesa ni ngumu na mguu unakua. Tatizo lake ni hili. Mguu hupinda chini ya vidole, mahali palipo kama asilimia 70 ya urefu wake kutoka kisigino. Kwa mtoto wetu ni kama sentimita 8.5. Kiatu nacho kimetengenezwa kipinde kwa uwiano huo huo, na cha namba 23 hupinda kwenye sentimita 10.7 hivi. Mguu unataka kupinda hapa, soli inapinda sentimita mbili mbele yake. Mtoto anaburuza, anajikwaa, na anabana vidole ili kiatu kisimtoke. Kujaza pamba au kitambaa kwenye ncha kunazuia mguu usiteleze, lakini mahali pa kupinda panabaki pale pale. Kwa mtoto wa miaka sita anayekimbia vizuri, kiatu kilichozidi kidogo ni usumbufu. Kwa anayejifunza kusawazisha mwili, ni sababu ya kuanguka.

Urefu na upana vikikubali, zimebaki sehemu mbili za kuangalia. Shika kiatu kwa mikono miwili na ukipinde. Kinapaswa kupinda kwa wepesi sehemu ya mbele, pale vidole vinapoanzia, kwa nguvu ya vidole vyako viwili tu. Kikihitaji mkono mzima, mtoto hataweza kukipinda, naye ana kilo tisa au kumi. Kwa sababu hii siwapendekezei wazazi vile viatu vinavyolia kila hatua kwa mtoto anayeanza. Najua vinamfurahisha na vinamjulisha mama mtoto yuko wapi, lakini filimbi hukaa ndani ya kisigino, na kisigino hicho huwa kinene na kigumu. Sehemu ya pili ni kifungio. Mguu ushikwe juu, kwa kamba, mkanda wa kubandika au bakoli, ili kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Kandambili hazina kifungio nyuma, na mtoto huzishika kwa kukunja vidole. Ndala yenye mkanda nyuma ya kisigino ni jambo jingine kabisa, na kwa joto la Mombasa, Tanga au Zanzibar inaweza kuwa chaguo bora kuliko kiatu cha kufunika, mradi vidole visipite ukingo wa soli. Yeboyebo za plastiki zinafaa kwa matope na bafuni. Siku nzima ndani yake mguu unatoka jasho na ngozi kati ya vidole inalainika na kuchubuka.

Mitumba haina ubaya wenyewe, na kwa kiatu kitakachovaliwa miezi michache ina mantiki. Kikague hivi. Kiweke mezani na ukitazame kwa nyuma: kama kisigino kimelika upande mmoja au kiatu chote kimeinama, kilizoea mwendo wa mtoto mwingine na kitamwelekeza wako huko. Toa soli ya ndani kama inatoka. Ukiona mashimo ya vidole yaliyozama, kiache. Isipokuwa na alama nzito, hiyo soli ya ndani inakupa kipimo cha ziada: msimamishe mtoto juu yake na utaona kwa macho nafasi iliyobaki mbele. Kioshe kwa sabuni na ukianike juani mpaka kikauke ndani.

Baada ya kununua, mvishe nyumbani nusu saa tu, kisha vua na utazame ngozi. Alama nyepesi inayofutika ndani ya dakika kumi si neno. Wekundu unaobaki juu ya vidole, kwenye kisigino au pembeni mwa kidole kidogo unaonyesha mahali panapobana, na lengelenge litafuata. Katika mwaka wa pili mguu hukua kama milimita moja na nusu hadi mbili kwa mwezi. Nafasi yetu ya milimita 12 ikishuka chini ya 6, kiatu kimekwisha kazi hata kama bado kinang'aa, na hilo hufika baada ya miezi mitatu au minne. Rudia mchoro kila baada ya miezi miwili, uandike tarehe. Mtoto anayevua viatu kila mara na kuvitupa usimwadhibu kabla hujampima.

Limebaki jambo la nyayo bapa na matege, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtoto wa umri huu karibu daima huonekana ana unyayo bapa, kwa kuwa mafuta yamejaza upinde, na mmoja wa mifupa inayoushika upinde huo huanza kuwa mfupa kamili baada ya mwaka wa pili tu. Upinde hujitokeza wenyewe kadiri anavyokua, kwa wengi kabla ya miaka 6 au zaidi kidogo. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitatu watoto wenye nyayo bapa zinazonyumbulika, wengine wakivalishwa viatu vya kurekebisha na wengine viatu vya kawaida. Miguu ya makundi yote ilikua vizuri kwa kiwango kile kile. Matege nayo ni ya kawaida hadi karibu miaka 2, na hakuna buti linaloyanyoosha.

Mpeleke mtoto kliniki kama hajatembea kufikia miezi 18, kama matege yanazidi baada ya miaka 2 au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, kama anachechemea, kama anaendelea kutembea kwa ncha za vidole baada ya miaka 3, au kama unyayo ni bapa na mgumu, yaani hauonyeshi upinde hata anaposimama kwa vidole. Nenda naye akiwa na viatu anavyovaa kila siku na michoro yako yenye tarehe, na umwombe mhudumu amtazame kwanza akitembea peku.